Ritani Inasema Moja, Moshi Unasema Jingine

Wenye Hyundai H-1 za dizeli za lita 2.5, zile zenye injini ya D4CB iliyofungwa pia kwenye Kia Sorento za zamani, wengi wao wanaujua ugonjwa huu. Asubuhi gari linawaka kwa stata moja. Linaingia barabarani, linapata moto, linazimwa kwa dakika kumi ili mizigo ishushwe, na dereva akirudi kupiga stata injini inazunguka na kuzunguka mpaka betri inaanza kuchoka. Likikubali kuwaka, linatetemeka pale liliposimama, linagonga kidogo, na nyuma linatoa moshi wa kijivu wenye harufu ya dizeli mbichi. Ukikanyaga mafuta moshi unapungua na mtetemo unapotea, kwa hiyo njiani dereva anasahau.

Gereji jibu huwa fupi: "Bosi, injekta zimekufa, tubadilishe zote nne." Huenda injekta kweli zina kasoro. Lakini injekta huvuja kwa njia zaidi ya moja, na kugoma kuwaka na kufuka moshi ni malalamiko mawili ambayo mara nyingi hutokana na mivujo miwili tofauti. Mvujo mmoja unarudisha dizeli kwenye tangi. Mwingine unaidondosha ndani ya silinda. Kipimo kinachoonyesha wa kwanza hakiuoni kabisa wa pili, na hapo ndipo watu wanapopoteza fedha: wanapima kitu kimoja, wananunua kwa kubahatisha kitu kingine.

Tuanze na injekta yenyewe. Katika mfumo wa komoni reli, pampu ya mafuta haipeleki dizeli moja kwa moja kwenye kila silinda kama pampu za zamani. Inaijaza kwenye bomba nene la chuma linaloitwa reli, kwa msukumo mkubwa sana. Gari likiwa limesimama linanguruma, msukumo huo uko karibu baa 300. Injini ikifanya kazi ngumu, unafika baa 1,300 na zaidi kulingana na toleo la injini. Injekta zote nne zimeunganishwa na reli hiyo muda wote, zikingoja amri ya kompyuta ya injini.

Ncha ya injekta ina sindano ya chuma iliyokaa juu ya kiti chake na kuziba matundu madogo ya nozeli. Kinachoishikilia sindano hiyo chini si springi peke yake. Juu yake kuna chumba kidogo kilichojaa dizeli yenye msukumo uleule wa reli, na huo ndio mkono mzito unaoikandamiza. Juu ya chumba hicho kuna kigololi kidogo sana kinachoziba tundu la kutokea. Kompyuta inapotuma umeme, koili inavuta, kigololi kinaachia, dizeli ya chumbani inatoroka kwenda kwenye bomba la ritani, msukumo wa juu unashuka, na sindano inanyanyuka. Dizeli inapulizwa silindani. Umeme ukikatika, kigololi kinarudi, chumba kinajaa tena, sindano inakaa.

Kwa hiyo ritani yenyewe si ugonjwa. Kila injekta nzima hurudisha dizeli kidogo kila inapofunguka, kwa sababu ndivyo inavyofanya kazi. Ugonjwa huanza pale kiti cha kigololi kinapolika. Vumbi laini lililopita kwenye chujio, maji yaliyokaa tangini, au dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa isiyolainisha vizuri, vyote hukwangua kiti hicho kidogo kidogo. Kikishalika, dizeli inatoroka kwenda ritani hata injekta ikiwa imefungwa, tena usiku na mchana maadamu kuna msukumo kwenye reli.

Sasa fikiria wakati wa kupiga stata. Injini inazunguka kama mara 200 au 250 kwa dakika. Pampu inazunguka polepole vilevile, kwa hiyo dizeli inayosukuma ni kidogo. Kompyuta ya injini haiamuru injekta zifunguke mpaka ione msukumo wa kutosha kwenye reli, na kwa mifumo mingi ya aina hii kiwango hicho ni karibu baa 200. Kama injekta moja inakunywa kile pampu inachotoa na kukirudisha tangini, msukumo unakwama kwenye 120 au 150, na hakuna tone linalopulizwa. Stata inaweza kuzunguka hata dakika nzima bila moshi wowote kutoka nyuma. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza yenye maana: stata ndefu isiyo na moshi inasema dizeli haikuingia silindani kabisa. Stata ndefu yenye moshi mweupe inasema dizeli imeingia ila haikuungua, na hapo unapaswa kufikiria plagi za moto au kompresheni kabla ya ritani.

Na kwa nini gari la namna hii liwake asubuhi na kugoma likiwa la moto? Kwa sababu dizeli ya moto ni nyepesi. Kupitia mwanya uleule uliolika, dizeli iliyopoa hupita kwa shida, ile ya moto hupita kwa urahisi. Asubuhi mwanya unavujisha kidogo na pampu inashinda. Mchana unavujisha zaidi na pampu inashindwa. Gari lenye plagi mbovu za moto huwa na tabia ya kinyume: asubuhi ya baridi linasumbua, likishapata moto halina neno.

Mara injini ikiwaka, mambo hubadilika. Kwenye mzunguko wa 800 pampu inatoa dizeli ya kutosha kulisha injekta zote na kufidia mvujo, reli inapata msukumo wake, na injini inaweza kunguruma vizuri kabisa. Mvujo wa ritani peke yake hauongezi dizeli silindani, kwa hiyo si kawaida yake kuleta moshi. Ukiona moshi, kuna jambo la pili la kutafuta.

Kabla ya kufungua chochote, neno moja kuhusu usalama. Mafundi wengi walijifunza kazi kwenye dizeli za zamani, ambapo ukitaka kujua silinda gani imelala unalegeza nati ya bomba la injekta injini ikiwaka na kusikiliza mlio. Kwenye komoni reli usifanye hivyo kamwe. Mchirizi wa dizeli unaotoka kwa baa 300 hupenya ngozi kama sindano, ukiacha alama ndogo kama ya kuumwa na mdudu, huku dizeli ikisambaa ndani ya nyama. Jeraha hilo linahitaji upasuaji wa haraka, na waliochelewa wamekatwa vidole au mkono. Zima injini, subiri msukumo ushuke, ndipo ufungue.

Kupima ritani kwenyewe ni kazi nyepesi kwenye injini hii, kwa sababu mabomba ya ritani yako juu ya injekta na yameshikwa kwa klipu. Unayachomoa, unaziba mpira unaorudi tangini, na kwenye kila injekta unafunga bomba laini linaloona ndani. Kitabu cha ufundi cha Hyundai kinatoa njia mbili.

Ya kwanza hufanywa bila kuwasha. Soketi za umeme za injekta zote huchomolewa ili zisipulize, vali ya kudhibiti msukumo inalazimishwa kufunga, kisha stata inapigwa kwa sekunde 5. Unaangalia vitu viwili kwa pamoja: msukumo wa reli ulifika wapi, na dizeli imepanda urefu gani ndani ya kila bomba. Reli ikifika baa 1,000 au zaidi na dizeli kwenye kila bomba haizidi milimita 200, mfumo ni mzima. Reli ikishindwa kufika 1,000 na kuna bomba lililopanda kati ya milimita 200 na 400, injekta ya bomba hilo ndiyo inayokunywa. Reli ikibaki chini ya baa 200 huku mabomba yote yakiwa karibu makavu, injekta zote zinasamehewa na lawama inahamia kwenye pampu. Betri iwe na nguvu, kwa sababu stata inayovuta miguu itakupa msukumo mdogo na kukufanya uishuku pampu isiyo na kosa.

Ya pili hufanywa injini ikiwaka. Mabomba yanaingizwa kwenye chupa nne zilizowekwa alama. Injini inaachwa ingurume dakika 1, inapandishwa hadi mizunguko 3,000 kwa sekunde 30, kisha inazimwa na chupa zinalinganishwa. Injekta iliyorudisha zaidi ya mara 3 ya ile iliyorudisha kidogo kuliko zote inatakiwa kubadilishwa.

Nina heshima kubwa kwa kipimo hiki, maana kinaonekana kwa macho na mwenye gari anaweza kusimama hapo na kushuhudia. Ila kina upofu wake. Njia ya chupa inalinganisha ndugu wanne. Wote wakiwa wamechakaa sawasawa, chupa zitajaa sawasawa na utadhani ni wazima. Hapo ndipo njia ya kwanza inaokoa, kwa sababu reli itakataa kupanda hata kama mabomba yote yanafanana. Na upofu mkubwa zaidi ni huu: dizeli inayodondoka kwenye ncha ya nozeli haipiti kwenye ritani. Injekta inaweza kuwa na chupa safi kabisa huku inamwaga silindani.

Mvujo huo wa pili hutokea pale sindano isipokaa vizuri kwenye kiti chake cha chini. Kompyuta imefunga injekta, lakini dizeli inaendelea kupenya kwenye ncha kwa matone badala ya ukungu. Matone hayaungui vizuri. Gari likiwa limesimama, silinda imepoa kidogo, hewa haivurugiki sana, na kiasi cha dizeli kinachotakiwa ni kidogo mno, kama milimita za ujazo 5 hadi 10 kwa kila mpulizo. Tone la ziada la milimita 2 au 3 hapo ni nyongeza kubwa. Ndiyo maana moshi na kugonga huonekana gari likiwa limesimama, na hupungua likikanyagwa mafuta: tone ni lilelile, ila limemezwa na mpulizo mkubwa.

Kuujua mvujo huo kunahitaji kusikiliza nguvu ya kila silinda. Kompyuta ya injini inafanya hivyo muda wote. Kihisi cha mzunguko kinapima kasi ya krankishafti kila silinda inapopiga. Silinda ikisukuma kwa nguvu kupita wenzake, kasi inapanda kidogo kwenye zamu yake, na kompyuta inaipunguzia dizeli. Ikisukuma kidogo, inaiongezea. Masahihisho hayo yanasomeka kwenye mashine ya kusomea gari, na kwa magari haya yamepangwa katika vipimo vitatu ambavyo vinatakiwa vifuatane.

Cha kwanza ni `Compression Test`. Injekta zinazimwa, stata inapigwa, na mashine inaonyesha kasi ya kila silinda. Silinda inayozunguka kwa kasi kuliko nyingine ina kompresheni ndogo, kwa sababu haileti upinzani. Cha pili ni `Idle Speed Comparison`: injini inawaka, masahihisho yamezimwa, na unaona kila silinda inasukuma kwa nguvu gani yenyewe. Cha tatu ni `Injection Quantity Comparison`: masahihisho yamerudishwa, na unaona kompyuta imeongeza au imepunguza kiasi gani kwa kila silinda.

Tuchukue mfano wa gari lile la mwanzo, na tuliweke kwenye vipimo vyote. Likiwa la moto, stata inazunguka na reli inakwama kwenye baa 140. Kwa njia ya sekunde 5, reli inafika baa 640 tu. Mabomba yanaonyesha milimita 60 kwa injekta namba 1, 310 kwa namba 2, 70 kwa namba 3, na 80 kwa namba 4. Kwa chupa, zinatoka mililita 24, 81, 26 na 28. Themanini na moja ukigawa kwa ishirini na nne ni zaidi ya mara 3. Namba 2 imekamatwa kwa njia zote mbili, na kugoma kuwaka kumepata maelezo yake.

Wengi wangeishia hapo. Wangenunua injekta moja, gari likawaka kwa mguso, na baada ya siku mbili mwenye gari akarudi analalamika kwamba moshi uko palepale. Kwa sababu moshi haukutoka kwa namba 2.

Mashine inaonyesha kwamba kompresheni iko sawa: silinda zote zinazunguka karibu 248 kwa dakika, zikitofautiana kwa moja au mbili. Masahihisho yakizimwa, silinda ya 1, 2 na 4 ziko kati ya 785 na 790, lakini ya 3 inapanda hadi 821. Yakirudishwa, kompyuta imeongeza 0.9 kwa silinda ya 1, 0.8 kwa ya 2, 0.9 kwa ya 4, na imepunguza 2.6 kwa ya 3. Ukijumlisha unapata sifuri, na ndivyo inavyopaswa kuwa karibu siku zote, kwa kuwa kompyuta inagawa upya dizeli ileile ili mzunguko ubaki 800. Nyongeza ndogo kwenye silinda tatu si ugonjwa wa silinda tatu. Ni kivuli cha ile moja iliyopunguziwa.

Silinda ya 3 inapata dizeli ambayo haikuagizwa. Injekta yake imerudisha mililita 26 tu, safi kabisa kwenye ritani. Namba 2, iliyorudisha 81, ina sahihisho la 0.8 tu, maana injini ikishawaka inapuliza sawasawa.

Hapa lazima mtu ajizuie asihukumu kwa alama ya jumlisha au toa peke yake. Injekta inayodondosha kwa kawaida husukuma silinda kupita kiasi na kupata alama ya kutoa. Lakini ikidondosha vibaya sana, dizeli inaungua nusunusu, silinda inakosa nguvu, na kompyuta, isiyoona moshi, inaiongezea dizeli nyingine. Moshi unazidi. Alama ya kujumlisha inaweza pia kutoka kwenye nozeli iliyoziba, au kompresheni iliyokufa, ndiyo maana kipimo cha kompresheni kinatangulia.

Njia ya kuthibitisha ni kuhamisha. Injekta ya 3 inapelekwa silinda ya 1, na ya 1 inapelekwa ya 3. Sahihisho la kutoa 2.6 likihamia silinda ya 1, injekta ndiyo mkosaji. Likibaki silinda ya 3, tatizo liko kwenye silinda yenyewe, vali au pistoni, na hakuna injekta mpya itakayolitibu. Kwenye matoleo ya baadaye ya injini hii kila injekta ina msimbo wa herufi na tarakimu 7 ulioandikwa kichwani, na msimbo huo lazima uhamishwe kwenye kompyuta pamoja na injekta. Usipohamishwa, mashine itaonyesha kosa ulilolitengeneza mwenyewe. Washa za shaba chini ya injekta ziwe mpya kila inapotolewa, na kiti chake kisafishwe masizi mpaka chuma kionekane. Washa ya zamani ikirudishwa, moto wa silinda unapenya pembeni, unaacha lami nyeusi inayogandisha injekta kwenye kichwa cha injini, na mlio wa tsk-tsk unaosikika ukifungua boneti.

Jambo jingine la kuangalia ni namba zenyewe. Injini hii inawaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, na baadhi ya mashine za bei nafuu hupanga safu kwa mpangilio wa kuwaka badala ya mahali silinda zilipo. Safu ya pili kwenye kioo inaweza kuwa silinda ya 3. Zima injini, chomoa soketi ya injekta moja unayoijua, washa, na uangalie ni safu ipi imeanguka. Kazi ya dakika tano inayozuia kununua injekta isiyo na hatia.

Kwa gari la mfano, basi, zinabadilishwa injekta mbili, si nne na si moja: namba 2 kwa ajili ya stata, namba 3 kwa ajili ya moshi. Hizo mbili zinaweza kupelekwa kwanza kwa fundi mwenye benchi ya kupimia injekta za umeme, kwa sababu nyingine hukarabatiwa kwa kubadilisha vali ya juu au nozeli. Benchi itaona kile ambacho chupa na mashine zimeonyesha, na itaonyesha pia umbo la ukungu wa ile namba 3.

Injekta zikisharudi, vipimo vinarudiwa gari likiwa la moto, maana likiwa la baridi halikuwahi kugoma. Chupa nne zikaribiane, reli ipite 1,000 kwa sekunde 5, na masahihisho yote yacheze karibu na sifuri. Kisha chomoa kijiti cha kupimia oili. Injekta iliyokuwa ikidondosha huwa imeosha kuta za silinda, na dizeli imeshuka hadi kwenye sampu. Kijiti kikionyesha oili imepanda juu ya alama na inanuka dizeli, imwagwe siku hiyohiyo pamoja na chujio lake, kabla gari halijabeba mzigo. Chujio la dizeli nalo lifunguliwe na maji yaliyo chini yake yamwagwe kwenye chombo cheupe. Yakionekana maji au vumbi la kahawia, tangi lishushwe na kuoshwa kabla ya injekta mpya kukutana na dizeli iliyoua zile za kwanza.